Mzigo Uliofika Siku Moja Baada ya Shughuli: Namna ya Kumwandikia Mteja Aliyekasirika

Mpwa wangu ana duka dogo la leso katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, mtaa ambao kila anayeoza au kuoa katika mji huu huupita angalau mara moja. Mimi niliuza leso katika mtaa huohuo kwa miaka mingi kabla yake, na yeye, aliyelelewa Nakuru na kuja pwani akiwa mtu mzima, bado hunijia kwa mambo ya mali na ya lugha. Mwongozo huu umetokana na usiku mmoja aliponitumia rasimu ya barua pepe aliyotaka kumpelekea mteja wake mkubwa, nami nikamwomba kwa hisani yake asiitume mpaka asubuhi. Nitaeleza yaliyotokea kwa utaratibu wake, kwa sababu kila hatua ya kuandika barua ya namna hii hutegemea hatua iliyoitangulia, na anayeanza na maneno matamu kabla ya kujua alichokosea hujikuta akiandika barua mbili, ya pili ikiwa ya kuomba radhi kwa ile ya kwanza.

Mteja mwenyewe ni mama wa makamo wa Kisauni ambaye kazi yake ni kusimamia harusi za watu: chakula, mapambo, ngoma na sare za wanawake. Aliagiza doti 40 za leso za sare, zote za jina moja na rangi moja, kwa bei ya shilingi 650 kila doti. Jumla ilikuwa shilingi 26,000, naye alitanguliza arubuni ya shilingi 13,000. Ujumbe wake ulisema leso zifike usiku wa Jumamosi, saa 1, na kwamba fundi atakuwa amekaa na cherehani akingoja kuzikata na kuzipinda, kwa kuwa doti hutoka dukani ikiwa kipande kimoja na haifai kuvaliwa shughulini ikiwa hivyo. Shughuli yenyewe ilikuwa usiku wa hina. Leso zilifika Jumamosi tarehe 10, saa 1 na dakika 10 jioni. Usiku wa hina ulikuwa Ijumaa tarehe 9.

Hatua ya kwanza: tafuta kilichotokea kabla ya kutafuta maneno

Barua ya mama huyo iliingia saa 5 usiku wa siku hiyo ya Jumamosi, baada ya kumrudisha kijana wa bodaboda na mzigo wake mlangoni. Ilikuwa barua fupi na kali. Alisema ameaibishwa mbele ya watu wa bibi harusi, akataka arubuni yake yote, fedha za fundi aliyekesha bure, tofauti ya bei ya leso alizolazimika kununua kwingine, na shilingi 20,000 za aibu. Akataka pia kijana wa bodaboda afukuzwe kazi. Mwisho akasema kwamba asipojibiwa atawaeleza wasimamizi wenzake wote wa harusi, kutoka Mtwapa hadi Likoni, wasinunue hata kitambaa katika duka lile.

Mpwa wangu alikuwa na yakini kwamba hana kosa. Alinionyesha ujumbe wa oda, na kweli uliandikwa usiku wa Jumamosi, naye alituma Jumamosi usiku. Hapo ndipo nilipoona tatizo liko wapi, na ni tatizo ambalo mtu aliyezaliwa Mji wa Kale huliona mara moja, ilhali aliyelelewa bara anaweza kulipita mara kumi. Kwa hesabu yetu ya pwani, ambayo imefuata hesabu ya Kiislamu, siku huanza jua linapotua. Usiku hutangulia mchana wake. Basi usiku wa Jumamosi ni ule unaoingia baada ya magharibi ya Ijumaa, usiku ambao magazeti huuandika kuwa usiku wa kuamkia Jumamosi. Ukitaka kuzungumzia saa za giza zinazofuata mchana wa Jumamosi, utasema Jumamosi usiku, na wazee wengine watauita usiku wa Jumapili. Mteja alisema sawasawa kwa lugha yake. Muuzaji alisikia sawasawa kwa lugha yake. Na kati ya maana hizo mbili mzigo ulipotea siku nzima.

Nilimwuliza swali la pili, ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko la kwanza: alipoona leso hazijafika Ijumaa magharibi, mama huyu hakupiga simu? Alipiga, mara 11. Simu ya duka ilikuwa imefungiwa dukani ndani ya mtoto wa meza, kama inavyofungiwa kila siku duka linapofungwa saa 12 jioni. Asubuhi mpwa wangu aliziona simu hizo, akarudisha mara mbili bila kupokelewa, akadhani mama alikuwa akihakikisha tu oda ya jioni, akaendelea na wateja wengine. Kutoka Mtaa wa Biashara hadi Kisauni ni kuvuka Daraja la Nyali na kwenda mbele kidogo. Bodaboda ingefika kabla chai haijapoa. Kutoelewana kwa maneno kungesahihishwa kwa simu moja, na simu hiyo haikuwa na wa kuipokea.

Andika mambo haya katika karatasi kwa saa na tarehe, kabla ya kufungua barua pepe: oda ilifika lini na kwa maneno gani, wewe ulielewa nini, mteja alikutafuta lini, ulimjibu lini, mzigo ulitoka na kufika lini. Karatasi ya mpwa wangu ilikuwa na mistari sita. Alipomaliza kuiandika hakuwa tena na yakini ile ya mwanzo, na nilifurahi, kwa sababu barua aliyokuwa tayari kuituma ilikuwa imeandikwa na mtu asiyezitia maanani zile simu 11.

Hatua ya pili: ichambue rasimu uliyoiandika kwa hasira

Rasimu yake nitaiweka hapa kama ilivyokuwa, kwa ruhusa yake, maana karibu kila mfanyabiashara amewahi kuiandika:

> Habari. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Hata hivyo, wewe mwenyewe uliandika usiku wa Jumamosi na mzigo ukaletwa usiku wa Jumamosi. Kijana wetu alikuja mpaka mlangoni akatukanwa bila sababu. Pesa yako utarudishiwa baada ya utaratibu kukamilika. Kuhusu hizo 20,000 hilo haliwezekani kabisa.

Hakuna tusi hata moja humu, na bado barua hii ingemfanya mama yule atekeleze ahadi yake ya kuwaeleza wenzake. Sababu imo katika maneno madogo. Neno wowote katika usumbufu wowote linamwambia mteja kwamba mwandishi hana hakika kama usumbufu ulikuwapo. Neno uliojitokeza ni baya zaidi: linaufanya usumbufu kuwa kitu kilichozuka chenyewe, kama mvua, bila mtu aliyekisababisha. Kiswahili kinatuwezesha kumficha mtendaji kwa urahisi mkubwa, kwa kusema mzigo ulichelewa, kulitokea hitilafu, oda haikufika, na msomaji aliyekasirika huhisi maficho hayo hata kama hawezi kuyaeleza. Katika barua ya kukiri kosa, kitenzi kianze na nafsi yako: sikukuletea, nilielewa vibaya, nilifunga simu. Ni herufi chache tu, lakini ndizo anazozitafuta.

Maneno hata hivyo yanafuta kila kilichotangulia. Wewe mwenyewe, mbele ya mtu aliye sawa na mama yako, ni kunyoosha kidole. Tunaomba radhi, katika duka lenye mtu mmoja na msaidizi wa siku za mwisho wa mwezi, ni kujificha nyuma ya wingi usiokuwapo. Na baada ya utaratibu kukamilika ni maneno ambayo mteja aliyekwisha kupoteza imani huyasikia kuwa hutalipwa.

Kuhusu shilingi 20,000, mpwa wangu alikuwa sahihi kukataa, ila alikataa kwa namna ya mtu aliyefunga mlango kwa kishindo. Ukataaji unahitaji sababu, na sababu inahitaji hesabu. Hilo linatuleta kwenye sehemu ambayo vijana wengi huiruka.

Hatua ya tatu: hesabu hasara yake, shilingi kwa shilingi

Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ina kanuni ya msingi kwa mnunuzi ambaye hakuletewa mali aliyoagiza, mahali ambapo mali hiyo inapatikana sokoni: hasara yake hupimwa kwa tofauti kati ya bei ya makubaliano na bei ya sokoni siku ambayo mali ilipaswa kufika. Pamoja na hiyo inaweza kuwapo hasara iliyotokana moja kwa moja na kosa, hasa ile ambayo muuzaji aliijua au alipaswa kuijua tangu mwanzo. Sikumwambia mpwa wangu aitaje sheria hii katika barua yake, kwa kuwa mteja anayeandikiwa vifungu vya sheria huenda kumtafuta wakili. Nilimwambia aitumie kama mizani, ili kila anachokubali na kila anachokataa kiwe na mguu wa kusimamia.

Mama alikuwa ameandika kwamba Ijumaa usiku alipata doti 30 kwa mwenye duka aliyemfungulia mlango kwa hisani, kwa shilingi 800 kila doti. Kwa mpwa wangu angelipa 650. Tofauti ni shilingi 150 kwa doti, na kwa doti 30 ni shilingi 4,500. Fundi aliyeitwa kukesha alidai shilingi 1,500, na fedha hizo nazo ni za kulipwa, kwa sababu ujumbe wa oda ulitaja fundi waziwazi. Muuzaji alijua kwamba leso zisipofika kuna mtu atakayekaa bure na cherehani yake. Jumla ya hasara inayohesabika ni shilingi 6,000, mbali na arubuni ya shilingi 13,000, ambayo si fidia hata kidogo. Arubuni ni fedha yake mwenyewe iliyokuwa mkononi mwa mtu mwingine, na usiichanganye na fidia katika sentensi moja, kwani utaonekana unajisifu kwa kurudisha cha mwenyewe.

Aibu ilikuwapo. Nimehudhuria harusi za kutosha katika mji huu kujua maana ya wanawake 10 kukaa bila sare mbele ya upande wa bwana harusi. Lakini aibu haina risiti, na anayeilipa leo kwa shilingi 20,000 atadaiwa kesho 50,000 na mwingine aliyesikia. Hapo ndipo pa kusimama.

Hatua ya nne: rudisha arubuni kabla ya kuandika

Jumapili saa 3 asubuhi mpwa wangu alituma shilingi 13,000 kwa M-Pesa, kwa nambari ileile iliyozilipa, akiwa bado hajaandika neno. Nilishikilia hatua hii kuliko nyingine zote. Mteja anayefungua barua yako akiwa tayari amepokea ujumbe wa fedha husoma barua tofauti kabisa na yule anayesoma ahadi. Tena inakuondolea wewe mwandishi kishawishi cha kutumia fedha yake kama fimbo, kwa kusema nitarudisha ukikubali hili na lile. Ikiwa huna fedha hizo mkononi, andika siku kamili utakayozituma, siku ambayo una hakika nayo, na usiandike hivi karibuni.

Hatua ya tano: andika barua yenyewe

Sasa ndipo alipoketi kuandika. Mstari wa mada alioutumia kwanza ulikuwa Samahani. Tukaubadilisha uwe na jambo lenyewe, ili mama akiuona katika simu yake, kabla hata ya kufungua, ajue kwamba kosa limekubaliwa. Barua iliyotumwa ni hii:

> Kuhusu: Doti 40 za leso ambazo sikukuletea Ijumaa tarehe 9
>
> Mama, shikamoo.
>
> Nimeisoma barua yako yote, zaidi ya mara moja. Uliagiza doti 40 za sare kwa usiku wa hina, ukalipa arubuni, na mimi sikukuletea kwa wakati. Nilizituma Jumamosi jioni, shughuli ikiwa imekwisha. Kosa hili ni langu.
>
> Uliniandikia usiku wa Jumamosi, nami nikaelewa Jumamosi usiku, nikaandika hivyo katika daftari bila kukuuliza tarehe. Kuuliza kulikuwa wajibu wangu. Uliponipigia simu Ijumaa usiku, simu ya duka nilikuwa nimeifungia dukani, kwa hiyo hukunipata wakati ambao jambo hili lingeweza kurekebishwa.
>
> Arubuni yako ya shilingi 13,000 nimeirudisha leo saa 3 asubuhi kwa nambari uliyolipia.
>
> Nitalipa pia tofauti ya bei ya leso ulizonunua usiku ule: doti 30 kwa shilingi 150, yaani shilingi 4,500. Nitalipa shilingi 1,500 za fundi, kwa sababu ulikuwa umeniarifu kwamba atangoja. Jumla ni shilingi 6,000. Nikipata picha ya risiti ya leso nitazituma siku hiyohiyo.
>
> Shilingi 20,000 za aibu sitaweza kuzilipa. Naelewa kwamba jambo hili lilikuumiza mbele ya watu waliokuamini, na sina fedha inayoweza kulifuta. Ninachoweza kulipa ni hasara inayohesabika, nami nitailipa yote. Kijana wa bodaboda naye sitamwondoa. Alifika siku na saa niliyomwandikia mimi.
>
> Doti zako 40 ziko dukani. Nitazihifadhi hadi Jumamosi tarehe 17, saa 10 alasiri. Ukizihitaji kwa shughuli nyingine nitakuletea bila nauli. Usipozihitaji hutadaiwa kitu.
>
> Naomba unijulishe jambo moja tu: hizo shilingi 6,000 nizitume kwa nambari hiyohiyo?

Chini yake aliweka jina lake kamili, jina la duka na nambari yake mwenyewe ya simu, ile anayolala nayo.

Tazama mpangilio wake. Kosa limetajwa kwanza, kwa maneno ambayo mteja mwenyewe angeyatumia, na hakuna udhuru unaolitangulia. Chanzo kimeelezwa kwa ufupi, na ingawa maneno ya mteja yamenukuliwa, hayakugeuzwa kuwa lawama, kwa sababu sentensi inayofuata inaurudisha wajibu kwa mwandishi. Nilimshauri aongeze habari ya simu iliyofungiwa, jambo ambalo yeye alitamani kulificha. Mama alikuwa akilijua tayari kwa kidole chake kilichobonyeza nambari mara 11, na barua isiyolitaja ingeonekana kuwa imechagua ya kukiri na ya kunyamazia.

Kukataa kumewekwa baada ya kulipa, kwa makusudi. Mtu aliyekwisha kuona shilingi 13,000 na kuahidiwa 6,000 kwa hesabu anayoweza kuikagua mwenyewe huweza kulisoma neno sitaweza bila kuona kwamba anadhulumiwa. Kukataa huko hakukurudiwa wala hakukuombewa msamaha. Ukiomba radhi kwa kukataa jambo ambalo una haki ya kulikataa, unamwambia msomaji kwamba akisukuma kidogo zaidi utakubali. Habari ya kijana wa bodaboda tulibishana juu yake. Mpwa wangu alitaka kuiacha ili asiongeze moto, nami nikaona kwamba kuinyamazia ni kumwacha kijana wa watu abebe mzigo usio wake. Ilikaa, kwa sentensi mbili.

Swali la mwisho lina kazi yake. Barua inayoisha na natumaini utaelewa humtaka mteja asamehe, jambo ambalo Jumapili hiyo hakuwa tayari kulifanya. Barua inayoisha na swali la nambari ya simu humtaka ajibu kwa neno moja, na akijibu hilo, mazungumzo yamefunguka.

Hatua ya sita: isome kwa sauti, kisha uitume mara moja

Tuliisoma kwa sauti mara mbili. Katika kuisoma tuliondoa neno tafadhali lililokuwa limetokea mara nne, sentensi iliyosema kwamba duka halijawahi kupata tatizo kama hili, ambayo haikumhusu mteja, na ahadi ya punguzo katika oda ijayo. Punguzo hilo nililipinga sana. Kumwambia mtu ambaye hajaamua kama atarudi kwamba akirudi atapunguziwa ni kudhani ameshasamehe, na kunaonyesha kwamba barua nzima ilikuwa mtego wa kuuza. Ilitumwa kabla ya saa 5 asubuhi, ikiwa na nakala kwa mshirika wa kazi wa mama huyo, kwa kuwa mama mwenyewe alikuwa amemwekea nakala katika barua ya malalamiko. Ukimwondoa mtu aliyeshuhudia lawama, unamnyima nafasi ya kushuhudia jibu. Usimwongeze mwingine yeyote.

Kuna tahadhari moja ya kukumbuka kabla ya kubonyeza. Barua ya kukiri kosa ni ushahidi. Nchini Kenya, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mteja anaweza kuipeleka barua yako huko. Hilo lisikufanye uandike kwa kuficha. Likufanye uandike tu yale ambayo karatasi yako ya saa na tarehe inayathibitisha, na uahidi tu kiasi ulicho tayari kukilipa. Na kama uchunguzi wako ungeonyesha kwamba mzigo ulifika kwa wakati na mteja hakuwapo nyumbani, usingepaswa kukiri kosa ambalo si lako ili tu kumtuliza. Ungeweka saa ya kufika, simu ulizopiga na mahali mzigo ulipo sasa, kisha useme utakachofanya.

Hatua ya saba: subiri, halafu utimize

Jumapili ilipita kimya, na Jumatatu asubuhi vilevile. Mpwa wangu alitaka kumpigia simu kuuliza kama ameiona barua, nikamzuia, maana anayefuatilia barua kabla ya siku mbili kupita hugeuka mdai wa msamaha. Jumatatu baada ya alasiri lilikuja jibu la mstari mmoja: nambari ni ileile, na picha ya risiti hii hapa.

Risiti ilionyesha doti 28. Kwa hesabu kali, tofauti ilikuwa shilingi 4,200, na mpwa wangu alikuwa ameshaanza kuandika ujumbe wa kuuliza habari ya zile doti mbili. Nilimwambia alipe 6,000 kama alivyoahidi na asiulize. Inawezekana doti mbili zilinunuliwa kwa mtu mwingine usiku ule bila risiti, inawezekana mama alikosea kuhesabu; kwa vyovyote, shilingi 300 hazitoshi kufungua shauri jipya kwa mtu ambaye ndiyo kwanza ameshusha sauti. Uthabiti aliouonyesha ulikuwa juu ya shilingi 20,000, na huo haukuguswa. Fedha zilitumwa jioni hiyohiyo, na ujumbe wa M-Pesa wa kuthibitisha akauambatisha katika jibu lenye maneno matatu: Mama, nimezituma. Asante.

Alhamisi tarehe 15 mama alipiga simu, kwa nambari ya mpwa wangu mwenyewe, si ya duka. Hakuzungumzia barua. Aliuliza kama zile leso bado zipo, akasema ana shughuli Likoni na anahitaji doti 12. Zilipelekwa kesho yake asubuhi, bila nauli, na kijana yuleyule wa bodaboda, ambaye aliniambia kwamba safari hii alipewa maji ya kunywa. Doti 28 zilizobaki ziliuzwa moja moja dukani, na nyingine, nisifiche, bado ziko rafuni hadi leo, kwa sababu rangi ile ilichaguliwa na bibi harusi mmoja na si kila mtu huipenda.

Tangu siku ile simu ya duka haifungiwi tena ndani ya mtoto wa meza. Oda ikiingia, mpwa wangu hairudii kwa maneno ya mteja. Huijibu kwa ujumbe wenye jina la siku, tarehe, saa na alama ya mchana au usiku, kwa mfano: Ijumaa tarehe 9, saa 1 jioni baada ya magharibi, ndio usiku wa kuamkia Jumamosi, sivyo Mama? Haandiki katika daftari mpaka ajibiwe ndiyo.

Baada ya wiki sita mama wa Kisauni alituma oda ya doti 60, nusu ya fedha ikiwa imetangulia. Ujumbe wake ulisema leso zifike Alhamisi tarehe 19, saa 10 alasiri, mchana kweupe, jua likionekana.